Flamingo wamehama, nembo ibaki? Jibu kwa mwenye hoteli wa Nakuru

"Nina hoteli ya vyumba 18 mtaa wa Milimani hapa Nakuru, na nimeingizwa kwenye kamati ya kuupa mji wetu sura mpya. Mezani kuna mapendekezo mawili: kundi moja linataka nembo ya flamingo, la pili linataka kaulimbiu 'Nakuru, Lango la Fursa'. Flamingo wenyewe siku hizi siwaoni, na hilo lango silielewi. Nikisema hivyo naambiwa napinga maendeleo. Wageni wangu wanalala usiku mmoja tu, na mwekezaji sijamwona. Tufanye nini kitakacholeta watu kweli, si maneno?"

Dada yangu, tuanze na flamingo, kwa sababu ugomvi wa kamati uko hapo, na ukimwelewa huyo ndege umeelewa nusu ya kazi yenyewe.

Flamingo mdogo, yule ambaye kamusi humwita heroe, haji ziwani kwa ajili ya mandhari. Anafuata chakula. Anakula spirulina, kitu kama mwani ambacho hustawi kwenye maji makali ya magadi hadi ziwa zima linageuka kijani, na rangi yake ya waridi inatoka humo humo. Kuanzia kama mwaka 2010, maji ya Ziwa Nakuru yalianza kupanda. Ziwa lililokuwa na takriban kilomita za mraba 40 likafika zaidi ya 60. Likameza lango kuu la zamani la mbuga, likaingia kwenye nyumba za watu Mwariki, likaacha miti ya migunga imekufa wima majini. Maji mengi yakazimua magadi, chakula kikapungua, ndege wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Mitaani utasikia kwamba walikimbia uchafu wa mji. Uchafu wa mji ni tatizo la kweli, lakini sababu kubwa ya kuhama huku ni maji kupanda.

Na hata zamani flamingo hawakuwa wa Nakuru kama ng'ombe walivyo wa boma. Hawaangulii vifaranga hapa. Sehemu yao kubwa ya kuzaliana Afrika Mashariki ni Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Huku walikuja kwa mamia ya maelfu, wakaondoka, wakarudi, kadiri ziwa lilivyokauka na kujaa. Yamkini watarudi kwa wingi maji yakishuka tena. Lakini mgeni aliyekata tiketi ya ndege leo hawezi kungoja ziwa lishuke.

Kamati yenu imechanganya vitu viwili. Kuna alama ya mji na kuna ahadi ya mji. Flamingo anafaa kuwa alama: yuko kwenye majina ya mitaa na ya biashara, watu wa Nakuru wanampenda, na mwacheni hapo. Akiwekwa kwenye tangazo la kumwita mgeni, anageuka ahadi. Mgeni ataangalia picha ya ziwa lililotandikwa zulia la waridi, atakuja, ataona miti mikavu majini, kisha atarudi kwao na kuandika hivyo kwenye simu yake. Maandishi yake yatasomwa kuliko kijitabu chenu, na mwaka ujao yatakuwa bado yapo.

Hilo Lango la Fursa halihitaji maneno mengi. Chukua kaulimbiu yoyote, toa jina Nakuru, weka Thika. Weka Eldoret. Weka Kisumu, Bungoma, Busia. Ikiwa bado inasomeka sawa, haijasema lolote kuhusu Nakuru. Kipimo cha pili: je, kuna mji duniani ungejiita kinyume chake? Hakuna mji utakaojiita "Ukuta wa Fursa". Neno ambalo kila mtu angelikubali halimsaidii mtu kuchagua. Nimeshakaa kwenye vikao vya namna hii, na kaulimbiu kama hizo hushinda kwa sababu moja tu: hazimuudhi mtu mezani.

Sasa tuende penye kiini. Watu wengi huamini sifa ya mji inatengenezwa na matangazo. Matangazo hupaza sauti ya kile ambacho tayari kipo. Kisipokuwepo, yanapaza ukimya. Sifa hutokana na kile mtu alichokutana nacho na akakisimulia. Nenda Jumamosi moja ukasimame karibu na lango la mbuga kuanzia saa tano hadi saa tisa, uwe na daftari. Utaona magari ya watalii yakiingia na kutoka. Chungulia ndani bila kumsumbua mtu: kila mgeni ana boksi la chakula mapajani, lenye kipande cha kuku, yai la kuchemsha, ndizi na juisi, lililofungwa alfajiri kwenye hoteli ya Naivasha au Nairobi. Gari likitoka langoni linashika barabara kuu na kuondoka. Nakuru imetembelewa, lakini mji haujauza hata chupa ya maji. Tatizo lenu kubwa liko hapo, na halitibiwi na nembo.

Linganisha na Iten, huko Elgeyo Marakwet. Mji mdogo, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hauna ziwa wala simba. Barabarani kuna tao linalotangaza kwamba hapo ni nyumbani kwa mabingwa, na kila mwanariadha anayefika anapiga picha chini yake. Lakini angalia mambo yalivyofuatana. Kwanza kulikuwa na hewa nyembamba ya mlimani na shule ya St. Patrick's, ambako Brother Colm O'Connell alifika kutoka Ireland mwaka 1976 akaanza kuwafunza vijana mbio. Vijana wakashinda. Kisha Lornah Kiplagat akajenga kambi ya mazoezi ambamo mgeni anaweza kulala, kula na kukimbia na wenyeji. Wageni sasa hukaa wiki kadhaa, wengine miezi. Maneno ya kwenye tao ni kweli iliyokuwa ikitembea barabarani kila alfajiri kabla ya mtu kuiandika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati yenu ni kuuliza, na kuwauliza watu wasio wa Nakuru. Thelathini wanatosha kuanzia. Chukua madereva wa magari ya watalii kumi, wazazi kumi waliowahi kuleta watoto vyuoni Njoro na Kabarak, na wafanyabiashara kumi, wakiwemo wale waliofikiria kufungua tawi Nakuru kisha wakaenda kwingine. Hao waliokwenda kwingine ndio wenye habari mnayoihitaji, na ndio ambao hakuna mtu huwauliza. Msiulize "Je, unaipenda Nakuru?" Mkenya mwenye adabu atakujibu anaipenda sana. Uliza: ukisikia Nakuru unaona nini akilini? Mara ya mwisho ulipita au ulilala, na kwa nini? Ndugu yako akija huku ungemwambia nini? Andikeni maneno yao vile vile walivyoyatamka. Majibu yakianza kujirudia, mmeshiba.

Madereva msiwachukulie kijuujuu. Gari linasimama pale dereva anapotaka lisimame. Nimewahi kuongea nao kwenye miji kadhaa, na mahitaji yao hayana mashairi: choo safi, mahali pa kuegesha bila kuzongwa, chakula kitoke ndani ya dakika ishirini, bei ijulikane kabla, na sahani ya dereva. Mji unaoweza kuwahakikishia hayo matano utapata magari kabla haujapata nembo.

Nikuonyeshe jinsi ninavyofanya hesabu hii kwa Nakuru yenyewe. Swali langu ni moja: ni nini kingemfanya mgeni alale usiku wa pili? Ndani ya mbuga vifaru wapo, weusi na weupe, na mgeni ana nafasi nzuri ya kuwaona kwa sababu mbuga imezungushiwa ua na haizidi sana kilomita za mraba 180. Kuna twiga wa Rothschild. Nje ya mbuga, kando ya barabara ya Nairobi, kuna Hyrax Hill, kilima cha pimbi, ambapo Mary Leakey alichimba makazi ya kale kuanzia mwaka 1937. Juu ya miamba yake kuna mashimo ya bao yaliyochongwa. Bao, dada! Mgeni anaweza kuchuchumaa akacheza mchezo wa ukoo mmoja na ule unaochezwa na wazee Lamu, kwenye jiwe. Na juu ya mji kuna Menengai, kreta ya volkano yenye upana wa kama kilomita 12, ambayo jioni hujaa kivuli kuanzia chini hadi unahisi ardhi imefunguka. Mapango yake yana watu wanaokuja kuomba na kufunga. Hao ni wageni pia, tena wa kila mwezi, lakini sijaona kamati ya utalii inayowahesabu.

Kwa hiyo siku ipo: kifaru alfajiri, chakula cha mchana mjini, bao alasiri, Menengai jua likizama, kitanda chako usiku. Kinachokosekana ni viungo. Ukingoni mwa kreta mgeni anahitaji kizuizi, choo na mwongozaji anayelijua jina na hadithi zake. Na kwenye mteremko wa mlima huohuo kuna jaa la Gioto, ambako upepo ukivuma hupeperusha karatasi na plastiki hadi kwenye majani. Nikipewa bajeti ya nembo yenu niielekeze nitakako, sehemu kubwa ingeanzia hapo. Najua kuhamisha jaa ni kazi ya miaka na siasa nzito, na wapo watu wanaoishi kwa kuokota humo. Hao lazima wawe kwenye mpango. Lakini uzio wa kuzuia takataka kupeperuka na ratiba ya kufagia barabara si kazi ya miaka.

Ukitaka fungu la maneno la kuiongoza kamati, mimi ningeandika hivi: "Mji ulio kati ya kifaru na volkano." Lijaribu kwa kipimo chetu. Nairobi ina kifaru karibu na maghorofa lakini haina kreta ukingoni. Naivasha ina volkano yake, Longonot, lakini kifaru wa mbuga ya taifa hayuko mlangoni pake. Eldoret haina kimojawapo. Fungu hilo si la bango, ni la ndani. Likija wazo la kupaka mzunguko wa barabara rangi, mnauliza: linamsaidia mgeni kufika kwa kifaru au kwa volkano? Kama jibu ni hapana, pesa zibaki.

Nisikudanganye kuhusu ukubwa wa faida. Tuseme gari moja la wageni sita linakubali kulala usiku wa ziada kila wiki kwako, vyumba vitatu. Kwa mwaka ni usiku 156 wa vyumba. Wewe una vyumba 18, yaani usiku 6,570 wa kuuza kwa mwaka. Hiyo ni kama asilimia mbili na kitu. Haitakutajirisha. Lakini ni namba unayoweza kuihesabu kwenye daftari lako la mapokezi, na hoteli zote za mji zikiihesabu kwa namna moja, kamati itajua baada ya miezi 12 kama kazi inaenda au la. Anayewaletea hesabu ya waliobonyeza "like" anawapimia kelele.

Mwekezaji ni mtu mwingine kabisa, na hapa ndipo kamati nyingi huteleza: wanatafuta sentensi moja ya kuwavuta wote wawili. Mtalii huamua kwa picha na hisia, na akikosea amepoteza siku mbili. Mwekezaji huamua kwa faili, na akikosea amepoteza miaka kumi. Anauliza umeme, maji, hati ya ardhi, barabara, na siku ngapi hadi kibali kitoke. Msingi unaweza kuwa uleule, volkano, lakini ahadi ni tofauti.

Chini ya Menengai kuna mvuke. Shirika la kuendeleza jotoardhi, GDC, lilianza kuchimba visima huko mwaka 2011, na mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kuzalisha umeme mwaka 2023. Mbali na umeme, wameonyesha kwa majaribio kwamba joto hilo linaweza kuchemshia maziwa, kukaushia nafaka na kupashia moto vibanda vya kilimo. Ukifikiria maziwa na viazi vya Molo, na mashamba ya Njoro na Bahati, hapo kuna jambo mahususi la kumwambia mwenye kiwanda. Lakini liseme na mipaka yake. Maji ya moto hayasafirishwi mbali kwa bomba bila kupoa na kugharimu, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe karibu na visima, si popote penye shamba la kuuzwa. Na hesabu mwenyewe: kutoka kuchimba hadi umeme wa kwanza ni miaka 12. Mkimwahidi mwekezaji mvuke mwakani na usije, hatawapigia kelele. Atawaambia wenzake, kimya kimya.

Kabla ya kumwita, jipimeni. Mwaka mmoja niliiandikia ofisi moja ya uwekezaji, ya kaunti ambayo sitaitaja, nikijifanya natafuta ekari mbili za kujenga ghala. Barua pepe ya kwanza ilirudi, anwani ilikuwa imekufa. Nikapiga simu, nikaambiwa mhusika yuko semina. Wiki ya tatu nikapata jibu: kijitabu cha kurasa 40 chenye picha ya gavana kwenye kurasa sita, na hakuna mahali palipoandikwa bei ya kibali wala jina la mtu wa kumuuliza. Fanyeni jaribio hilohilo kwa Nakuru. Mtumieni mtu asiyejulikana aulize, na mhesabu siku. Ukurasa mmoja wenye bei, muda, ramani ya viwanja vyenye hati safi na namba ya simu inayopokelewa utafanya kazi kuliko video ya droni.

Sasa nani awe mwenye kazi hii? Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na sheria ya miji ya mwaka 2011 inaweka bodi ya kusimamia jiji. Nembo na mpango viwe mikononi mwa bodi, pamoja na watu wenu wa hoteli, wachuuzi na waongozaji, visikae ofisi ya gavana. Si kwa kumchukia gavana yeyote. Ni kwamba uchaguzi huja kila baada ya miaka mitano, na nimeona rangi za mji zikibadilika pamoja na rangi za chama. Kama sura ya mtu iko kwenye bango, hiyo ni kampeni. Kipimo changu kingine cha mapema: waulize waendesha bodaboda wa stejini wanaonaje. Wakicheka, simamisheni. Hao ndio watakaoulizwa na mgeni "Kuna nini cha kuona hapa?" na jibu lao ndilo mtakalokuwa nalo.

Kuna mahali ambapo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Kabla ya kuchapisha nembo, mwoneni wakili anayejua alama za biashara awatafutie kwenye daftari la KIPI, taasisi ya serikali inayoandikisha alama hizo, kama kuna aliyekwisha kuiandikisha. Kuondoa mabango baada ya barua ya wakili wa mtu ni ghali kuliko kuuliza. Mkitumia pesa za umma, ushiriki wa wananchi ni matakwa ya katiba, na kikao cha watu wanane hotelini kwako hakihesabiki. Ile kazi ya ukingo wa Menengai nayo inataka mhandisi na watu wa misitu waende kuutazama mwamba kwa macho kabla ya mtu kuchomeka nguzo ya kwanza.

Kwenye kikao kijacho usiseme unapinga flamingo. Peleka daftari lako la Jumamosi, lenye idadi ya magari yaliyoingia langoni na idadi ya yaliyokata kona kuingia mjini. Omba wasikilize namba mbili hizo kwanza, kisha mwenyekiti aendelee na ajenda ya rangi.